Dondoo muhimu: Gawa kwa 12, si kwa muhula

Kinachomwangusha mwanafunzi anayepanga Kayole au Umoja si udogo wa pesa, ni kutolingana kwa miezi. Landilodi hudai kodi mwaka mzima, ilhali nyumbani hutuma pesa wakati wa masomo tu. Tuseme unatumiwa shilingi 6,000 kwa miezi 8, na kufundisha watoto wa ploti kunakupa 4,000 kila mwezi. Mwaka mzima ni 96,000, yaani 8,000 kwa mwezi. Mwezi wa masomo utashika 10,000. Zile 2,000 zifungie M-Shwari siku hiyohiyo, kabla hujapita kibandani. Zitafika 16,000, na ndizo zitakazokuongezea 4,000 kila mwezi wa likizo.

Utasema 8,000 hazitoshi. Kwa anayelipa bedsita peke yake, hakika hazitoshi. Mkigawana ya 6,000 wawili, unabaki na 5,000, kama 1,250 kwa wiki, za chakula, tokeni na matatu. Nauli ya siku za mvua ihesabu mapema, maana makanga hawana huruma. Wengine huona Fuliza, iliyoanza 2019, ndiyo akiba yao. Lakini ina ada, na pesa inayofuata kuingia hukatwa deni kwanza, kwa hiyo likizo huanza ukiwa umeshapungukiwa. Anza mpango muhula unapofunguliwa; ukilazimika kugusa akiba kabla ya mwezi wa tatu wa mpango, kinachokushinda huenda ni kodi, si mandazi.