Presha ya kusimama: jinsi ya kuipima mwenyewe nyumbani

Kliniki nyingi hukupima presha ukiwa umekaa kwenye kiti, mkono juu ya meza. Kipimo hicho kinatosha kwa watu wengi. Lakini kwa mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi, na anayeona giza machoni kila akiinuka kitandani, namba ya kwenye kiti inaweza kuwa nzuri kabisa, au hata ikawa juu, na tatizo lake likabaki limejificha. Tatizo hilo huonekana akisimama tu.

Unaposimama, damu kati ya nusu lita na karibu lita nzima huteremka miguuni na tumboni. Damu inayorudi moyoni hupungua papo hapo, na presha huanza kushuka. Kama mwili usingekuwa na njia ya kuirekebisha, ungezirai kila asubuhi. Njia hiyo huanzia shingoni. Pale ambapo mshipa mkuu wa shingo, karotidi, unagawanyika mara mbili chini ya pembe ya taya, ukuta wake una miisho ya neva inayohisi jinsi mshipa unavyotanuka. Miisho mingine ya aina hiyo iko kwenye tao la aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Presha ikipanda, ukuta hutanuka na neva hupeleka ishara nyingi. Ikishuka, ishara hupungua. Habari hizo hufika kwenye shina la ubongo, juu kidogo ya uti wa mgongo, bila wewe kuwaza lolote.

Ishara zikipungua, ubongo hufanya mambo mawili. La kwanza ni kuilegeza neva ya vagasi, ambayo kazi yake ya kila siku ni kuuzuia moyo usikimbie. Hili huchukua kama sekunde moja, na mapigo hupanda hapo hapo. La pili huchelewa kidogo, sekunde kadhaa: neva nyingine huiamuru mishipa midogo ya miguu na tumbo ijikaze ili damu irudi juu. Ndiyo maana kijana mzima akiinuka ghafla anaweza kuona nyota kwa sekunde chache kisha zikapotea. Huo si ugonjwa, ni ule muda mfupi ambao moyo umeshaitikia na mishipa bado. Kizunguzungu cha kuchunguza ni kile kisichoondoka baada ya nusu dakika, au kinachozidi kadiri unavyoendelea kusimama.

Kipimo chenyewe kinahitaji mashine ya presha ya mkono wa juu inayoonyesha pia mapigo ya moyo, karatasi, kalamu, na mtu wa kukaa karibu nawe. Usipime peke yako kama umewahi kuanguka. Wakati mzuri ni asubuhi ukiwa bado kitandani, kabla ya chai na kabla ya dawa, kwa sababu hapo ndipo hali hii huwa mbaya zaidi. Fungia mkanda mkononi, lala chali dakika tano bila kuongea, kisha pima. Andika namba zote tatu: presha ya juu, ya chini, na mapigo. Sasa simama pembeni ya kitanda bila kutembea. Pima ikifika dakika moja, kisha tena ikifika dakika tatu. Ukiona giza kabla ya hapo, kaa mara moja. Kushindwa kusimama dakika tatu nako ni jibu, liandike.

Hapa wengi hukosea jambo moja. Wakiwa wamelala, mkono uko usawa wa moyo. Wakisimama, wanauacha uning'inie. Mkanda ukiwa chini ya moyo kwa sentimita 10, mashine husoma presha kubwa kuliko ilivyo kwa kiasi cha 7 au 8. Mkono ulioning'inia kabisa unaweza kuficha anguko lote unalolitafuta. Basi mwenzako aushike mkono wako kwa mbele, mkanda ukiwa usawa wa kifua, au uuegemeze juu ya kabati. Wewe mwenyewe usiukaze.

Kama presha ya juu imeshuka 20 au zaidi, au ya chini imeshuka 10 au zaidi, ndani ya dakika hizo tatu, madaktari huita hali hiyo presha kushuka kwa kusimama. Lakini usiishie hapo. Tazama mapigo, maana hayo ndiyo yanayosema kosa liko wapi.

Tuchukue mfano. Mzee wa miaka 63 ana kisukari kwa miaka 15. Nyayo zinamwaka moto usiku, na anapotoka kwenye sujudu kusimama, inabidi ashike ukuta. Kliniki, akiwa amekaa, presha yake ni 148/86, na anaongezewa kidonge. Wiki mbili baadaye kizunguzungu kimezidi. Binti yake anampima nyumbani. Akiwa amelala: 158/88, mapigo 78. Dakika moja ya kusimama: 121/72, mapigo 82. Dakika tatu: 114/70, mapigo 83.

Presha ya juu imeanguka kwa 44, na moyo umeongeza mapigo matano tu. Moyo wenye neva nzima usingekaa kimya hivyo mbele ya anguko kubwa namna hii. Kuna hesabu rahisi inayotumika: gawanya mapigo yaliyoongezeka kwa kiasi presha ya juu ilivyoshuka. Tano kwa 44 ni kama 0.1. Jibu likiwa chini ya 0.5, shuku neva zenyewe. Sasa mlinganishe na mtu aliyeharisha siku mbili: amelala presha ya juu ni 118 na mapigo 84, amesimama ni 94 na mapigo 116. Presha imeshuka 24 na mapigo yameongezeka 32, jibu linapita 1. Neva zake ziko sawa na zinahangaika. Kilichopungua ni maji. Huyo anahitaji maji ya chumvi na sukari ya kuharisha, na chanzo cha kuharisha kitibiwe. Hesabu hii haifai kwa anayetumia dawa za kupunguza mapigo kama atenolol au bisoprolol, wala kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, kwa kuwa mapigo yao hayasemi kweli.

Kwa nini neva za yule mzee zimenyamaza? Sukari iliyokaa juu miaka mingi huharibu neva nyembamba, na huanza na zile ndefu. Ndiyo maana nyayo huwaka kwanza. Neva zinazoikaza mishipa ya miguu na tumbo ni za jamii hiyo hiyo nyembamba. Vagasi nayo ni ndefu sana, inatoka kichwani hadi tumboni, na huumia mapema: wagonjwa wengine wa kisukari mapigo yao huwa 90 au 100 hata wakiwa wamepumzika, kwa sababu kinachouzuia moyo kimelegea tayari na hakibaki cha kulegeza wakisimama. Kwa hiyo miguu inayowaka, tumbo linalojaa upesi, nguvu za kiume zilizopungua na kizunguzungu cha kusimama mara nyingi ni habari moja, ijapokuwa mgonjwa huzipeleka kwa madaktari wanne tofauti. Ugonjwa wa Pakinsoni hufika mahali hapo hapo kwa njia yake, kwa kuua neva zinazokwenda moyoni na kwenye mishipa. Na kwa mwenye presha ya kupanda ya muda mrefu, mishipa ya shingo hukakamaa, haitanuki vizuri, na vihisi huzoea kiwango cha juu na kukiona ndicho cha kawaida. Mfumo huu ni wa sekunde na dakika. Hauwezi kumshushia mtu presha ya miaka.

Kisha kuna dawa, na kwa maoni yangu hapa ndipo pa kutazama kwanza, kwa kuwa dawa inaweza kubadilishwa ila neva iliyokufa hairudi upesi. Dawa za kukojoza kama furosemide hupunguza maji mwilini. Tamsulosin ya tezi dume na prazosin huilegeza mishipa ile ile inayotakiwa kujikaza. Amitriptyline, ambayo hutolewa sana kwa nyayo zinazowaka, hushusha presha ya kusimama. Mzee mmoja anaweza kuwa nazo zote tatu, kila moja imeandikwa na mtu mwingine kwa sababu nzuri. Usiache dawa yoyote peke yako: ukiacha ya presha ghafla, ile 158 ya kulala inaweza kupanda sana. Mpelekee daktari vidonge vyote kwenye mfuko mmoja.

Wakati unasubiri miadi, yako mambo yanayosaidia kweli. Maji ya kunywa ni la kwanza. Kwa mtu mwenye neva zilizoumia, nusu lita ya maji ikinywewa kwa mkupuo ndani ya dakika chache hupandisha presha ya kusimama kwa muda wa kama saa moja. Ayanywe akiwa amekaa kitandani, kabla ya kuinuka. Mwenye moyo dhaifu au figo mbovu asifanye hivi bila kumuuliza daktari wake. Ukisimama na giza likaanza, pishanisha miguu na ukaze mapaja na makalio kwa nguvu: misuli husukuma damu juu badala ya mishipa iliyolegea. Inua kichwa cha kitanda kwa matofali, sentimita 15 hivi, kitanda chote kiiname na si mto tu. Presha inayopanda ukilala huzifanya figo zitoe mkojo mwingi usiku, na asubuhi unaamka umekauka. Kuinama kwa kitanda hupunguza hayo. Mlo mkubwa wa wali au ugali huvuta damu tumboni, hivyo kula kidogo kidogo na usiinuke haraka baada ya kula. Anayeanguka akienda kukojoa usiku awekewe chombo karibu na kitanda. Anayeswali anaweza kuswali akiwa amekaa mpaka hali itulie. Ruhusa hiyo ipo kwa mgonjwa.

Ukizirai, ukiumwa kifua, ukiwa na choo cheusi kama lami, au mapigo yakiruka juu huku presha ikianguka bila kuharisha wala jasho, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hayo mawili ya mwisho yanaweza kumaanisha kwamba unavuja damu ndani.

La sivyo, pima asubuhi tatu mfululizo, na mara moja baada ya chakula cha mchana. Andika saa, mkao, namba zote na dawa ulizomeza. Ukifika kliniki, mpe daktari karatasi hiyo kabla hajakufungia mkanda, na umwombe akupime umesimama.