Mama Alipoanza Kuhesabu Sufuria

Huku Likunja, wilayani Ruangwa, kama ilivyo kwa Wamwera wengi hadi Nachingwea, ukoo huhesabiwa upande wa mama, na kwa desturi ya wazee mwanamume huhamia kwa wakwe zake. Mume wangu alikuja na jembe na baiskeli. Akapewa kipande cha shamba la ukoo wetu, akapanda miche 60 ya mikorosho. Sasa wazazi wakimchoka mkwe wa namna hiyo, hawahangaiki kumrudisha binti nyumbani, maana binti yupo nyumbani tayari. Anayeondoka ni mume, na mikorosho inabaki.

Kwetu yalianza mwaka ambao ufuta ulituangusha. Mama akaanza kuhesabu: sufuria hili letu, godoro lile lako, baiskeli ile yake. Mzazi akigombana na mkwe kwa sababu ya chumvi, hilo hupita. Akianza kutenganisha vyombo, jueni ameshawaachanisha moyoni. Baadaye akaniambia wazi, "Mwanangu, mwache aende kwao. Wenzako wamejengewa nyumba za bati."

Kosa langu la kwanza lilikuwa kubeba kila neno la mama hadi chumbani. Mume wangu akaacha kula kwa mama, na mama akapata ushahidi kwamba mkwe ana kiburi. Nikaacha kubeba. Nikamfuata mama peke yangu, asubuhi, akipepeta mchele, nikamwambia, "Mama, kama mume wangu amekukosea, niambie nimrekebishe. Lakini habari ya kuachana usinitajie tena." Alinuna wiki nzima. Ila maneno hayo lazima yatoke kwa mtoto wa mzazi mwenyewe. Yakitoka kwa mkwe, ni matusi.

Kosa la pili lilinichukua muda kuliona. Nilikuwa nampa mama hela kwa siri, nikidhani nanunua amani. Matokeo yake, kwa mama mtoaji alikuwa mimi, na mume alikuwa mzigo tu. Sasa tunakubaliana kabla ya minada ya ufuta na kabla ya ile ya korosho: kiasi gani cha wazazi wangu, kiasi gani cha kwao. Malipo yakiingia, mume ndiye anayepeleka, mchana, mjomba akiwepo. Kiasi kile kile hufika kwao siku hiyo hiyo, maana na mama yake alikuwa ameshaanza kunong'ona kwamba mwanawe anatumikia ukoo wa watu.

Kuhusu mikorosho, tuliandika karatasi: idadi ya miti, aliyepanda, na kwamba ardhi ni ya ukoo. Mjomba na mwenyekiti wa kitongoji wakatia sahihi. Tulifanya hivyo mapema, tukiwa tunacheka. Ukingoja ugomvi, karatasi hiyo huonekana ni maandalizi ya talaka.

Mama hakunyamaza kabisa, basi tukaita wasuluhishi wawili, mmoja wa kwetu na mmoja wa kwao, kama Surat an-Nisaa, aya ya 35, inavyoelekeza. Wa kwetu alikuwa mjomba, kwa sababu kwa Wamwera neno la mjomba mama halivuki. Alimuuliza swali moja tu: mkwe amempiga binti, amemnyima chakula, au amemtelekeza? Mama akajibu hapana. Kikao kikaisha kabla ya chai kuiva.

Jua pia sheria inasemaje. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 73, inamruhusu mume au mke kumdai fidia mtu yeyote aliyemshawishi mwenzake amtoroke, na mzazi hakuondolewa humo. Sikushauri umpeleke mama mkwe mahakamani. Utashinda kesi na kukosa pa kula Idi. Lakini mjomba alipokitaja kifungu hicho, sauti zilishuka. Na kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka kabla shauri halijapita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Kwa hiyo wazazi wakisema "tumeshaamua", uamuzi huo bado si talaka.

Kifungu hicho hicho cha 73 kina mpaka wake: madai hutupwa ikiwa mwenendo wa mlalamikaji ndio uliompa mwenzake sababu ya kuondoka. Na kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Kama unapigwa, funga makala hii. Mama yako yuko sahihi, mfuate.

Mama yangu hajasema alikosea, nami sijamdai. Msimu uliopita alimtuma mtoto amwite mume wangu akampulizie salfa mikorosho yake, na baiskeli ile sasa anaiazima bila kuuliza.