Umelipa deni, mbona bado uko CRB? Soma ripoti yako na urekebishe makosa

Kila wiki tunapata swali hili kutoka kwa wateja wetu wa Malaba, Busia na sehemu za ndani kama Moding: "Nililipa deni lote, lakini nikiomba mkopo naambiwa niko CRB. Nifanye nini?" Jibu linategemea kitu kimoja: je, kilichoandikwa kwenye ripoti yako ni makosa, au ni ukweli usioupenda? Makosa yana njia ya kurekebishwa, na haulipishwi kuyapinga. Ukweli haufutwi, unangoja muda wake. Leo tunakuonyesha jinsi ya kutofautisha hivyo viwili.

Kwanza, CRB ni nani?

Kenya ina kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya kuhifadhi taarifa za mikopo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hazikopeshi pesa na haziamui nani anyimwe. Benki, sako na wakopeshaji wengine ndio wanaozipelekea taarifa zako, nzuri na mbaya, kwa kutumia namba yako ya kitambulisho. Kwa hivyo karibu kila mtu aliyewahi kukopa benki au kwa simu "yuko CRB". Swali ni kilichoandikwa hapo.

Ripoti ni orodha ya mikopo yako, mmoja mmoja: nani alikukopesha, lini, kiasi gani, umebakisha ngapi na umechelewa siku ngapi. Alama, au skoa kama wengi wanavyoiita, ni namba moja inayotolewa kutokana na orodha hiyo. Kwa Metropol, alama huanzia 200 hadi 900, na ukiwa chini ya 400 maana yake kuna mkopo ulioshindwa kulipa. Kampuni zingine zina vipimo vyao, kwa hivyo usishangae ukipata namba tofauti kwa kila moja.

Kinachoshusha alama zaidi ni kuchelewa. Siku chache zinaonekana kwenye ripoti, lakini mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa unahamishiwa upande wa mikopo iliyokwama, ambao kwenye ripoti huandikwa *Non-Performing*. Hapo ndipo alama huanguka vibaya. Kabla ya kupeleka taarifa hiyo mbaya, mkopeshaji anatakiwa akujulishe siku 30 mapema. Wengi hukosa ujumbe huo kwa sababu walishabadilisha laini. Na tangu kanuni mpya za Aprili 2020, mkopo ulio chini ya shilingi 1,000 haufai kupelekwa CRB kama deni baya.

Tusome ripoti moja pamoja

Tuchukue mfano wa mama anayeuza karanga na mtama sokoni Moding. Karanga ananunua upande wa Uganda na kuvusha hapo Malaba, na mtaji wake mara nyingi ni mkopo wa simu. Anaomba ripoti na kukuta alama 380. Kuna mistari mitatu upande wa *Non-Performing*.

Mstari wa kwanza ni mkopo wa shilingi 10,000. Salio ni sifuri, lakini umeandikwa ulichelewa siku 120. Mama anakumbuka vizuri: mwaka huo biashara ilikwama, akalipa baada ya miezi minne. Hapa hakuna makosa. Salio linasema ukweli na kuchelewa kunasema ukweli. Taarifa mbaya ya mkopo kama huu hubaki kwenye ripoti miaka 5, kuanzia siku deni lilipomalizwa kulipwa. Kama alimaliza Juni 2023, itaondoka Juni 2028. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanafikiri kulipa kunafuta. Kulipa kunabadilisha salio kuwa sifuri na kuanzisha kuhesabiwa kwa ile miaka 5, basi. Lakini kunasaidia sana, kwa sababu mkopeshaji anayesoma ripoti huona tofauti kubwa kati ya aliyechelewa akalipa na ambaye hajalipa hadi leo.

Mstari wa pili ni mkopo wa shilingi 6,000 na ada ya 450, jumla 6,450. Ripoti inasema salio ni 6,450 na siku zinaendelea kuhesabiwa. Mama ana uhakika alilipa. Anatafuta meseji ya malipo na kuipata: 6,450 zilitumwa kwenye namba ya biashara ya mkopeshaji, tena siku mbili kabla ya muda kwisha. Lakini akiangalia kwa makini, pale pa namba ya akaunti aliweka namba ya simu, wakati mkopeshaji huyo anatumia namba ya kitambulisho. Pesa zilifika kwa mkopeshaji, ila hazikujua ziende kwa mkopo upi. Zimekaa tu huko, na mkopo unaendelea kuonekana haujalipwa. Haya ni makosa, na yanarekebishika.

Mstari wa tatu ni mkopo wa shilingi 4,500 uliochukuliwa kwa namba ya simu ambayo mama haijui. Akibonyeza *106# anaona laini za mtandao huo zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba hiyo imo. Hapo anakumbuka kwamba mwaka juzi alisajilia jamaa kutoka ng'ambo laini ya Kenya ili apate kutuma pesa akiwa soko la Malaba. Kwa watu wa mpakani jambo hili ni la kawaida sana, na linaonekana kama msaada mdogo. Lakini laini ni yako kwa kitambulisho, na mkopo ukichukuliwa kupitia hiyo laini unaandikwa kwako. Hapa mama ana kazi ngumu zaidi: anaweza kupinga kwamba si yeye aliyekopa, lakini kwa sababu laini ilisajiliwa kwa hiari yake, mkopeshaji anaweza kushikilia kwamba deni ni lake. Kama angekuwa hajui kabisa laini hiyo ilisajiliwa vipi, angekuwa na hoja nzito zaidi ya udanganyifu.

Njia ya kurekebisha, hatua kwa hatua

*1. Pata ripoti yenyewe.* Usitegemee maneno ya "system inakukataa". Kila moja ya kampuni tatu inatakiwa kukupa ripoti moja bure kwa mwaka. Kwa Metropol unaweza kuanza kwa *433#. Usichanganye ripoti na cheti cha CRB: cheti ni cha kuonyesha waajiri kwamba huna deni baya, lakini hakikuonyeshi ni mstari upi una shida.

*2. Kusanya ushahidi.* Kwa mstari wa pili, mama anahitaji meseji ya malipo yenye namba ya muamala, tarehe na kiasi. Kama meseji ilifutika, omba taarifa ya miamala ya mwezi huo kutoka kwa kampuni inayokuhudumia. Rekodi yetu haipotei kwa sababu simu yako ilipotea. Kwa mstari wa tatu, aende kituo cha polisi akaandikishe na kupewa namba ya OB, kisha aombe laini ile ifungwe.

*3. Anza kwa mkopeshaji.* CRB haiwezi kutafuta pesa zako zilikoingia, ni mkopeshaji tu anayeweza. Mama ampe namba ya muamala na kumweleza kwamba namba ya akaunti ilikosewa. Pesa zikipatikana ziwekwe kwenye mkopo kwa tarehe ile zilipoingia, si tarehe ya leo. Jambo hili ni muhimu: zikiwekwa kwa tarehe ya leo, salio litakuwa sifuri lakini ripoti itasema ulichelewa miezi kadhaa, nawe hukuchelewa. Omba barua au imeli inayothibitisha tarehe hiyo.

*4. Peleka malalamiko kwa CRB kwa maandishi.* Unaweza kutuma imeli, si lazima usafiri hadi Nairobi. Taja mstari mmoja mmoja: jina la mkopeshaji, kiasi, kilichoandikwa, na unachotaka kiandikwe. Ambatisha nakala ya kitambulisho na ushahidi wako. Usiandike tu "nitoeni CRB". Kuanzia hapo, kampuni inatakiwa kuweka alama kwenye ripoti kwamba taarifa hiyo ina ubishi, na kumuuliza mkopeshaji. Uchunguzi usipokamilika ndani ya siku 21, taarifa uliyoipinga inatakiwa kufutwa. Kwa hivyo andika tarehe uliyotuma na utunze imeli hiyo.

*5. Angalia zile kampuni zingine mbili.* Mkopeshaji hupeleka taarifa kwa zote tatu, na kosa likirekebishwa kwa moja linaweza kubaki kwa nyingine. Benki utakayoenda kesho huenda inasoma hiyo nyingine.

*6. Ukikwama.* Mkopeshaji akishikilia kwamba yuko sahihi, una haki ya kuomba maelezo yako mafupi yaambatishwe kwenye ripoti, ili anayeisoma asikie upande wako. Unaweza pia kulalamika kwa Benki Kuu ya Kenya. Na kama data yako ilitumiwa bila idhini, kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya sheria ya mwaka 2019.

Mama atabaki na nini?

Akifuata hatua hizi, mstari wa pili utahamia upande wa mikopo iliyolipwa vizuri, na alama itapanda. Mstari wa kwanza utabaki hadi 2028. Wa tatu utategemea uchunguzi, na akiona unakwama, huenda ikawa nafuu kulipa zile 4,500 ili salio liwe sifuri na miaka 5 ianze kuhesabiwa, halafu adai pesa zake kwa yule jamaa. Hatapata ripoti safi kabisa, lakini atakuwa na ripoti inayosema ukweli.

Ndiyo maana ukikutana na mtu saiba au mitandaoni anayesema kwa shilingi 3,000 "anakutoa CRB leo leo", usimpe pesa wala namba ya siri. Taarifa ya kweli hakuna anayeweza kuifuta kabla ya muda, na ya uongo unaipinga mwenyewe bila malipo.

Na deni la ng'ambo?

Wateja wengi wa mpakani wana laini mbili, ya Kenya na ya Uganda. Mkopo uliochukua kwa mkopeshaji wa Uganda huhifadhiwa na kampuni za kule, zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Uganda. Ukiona kosa hapo, usilipeleke Nairobi. Anza na mkopeshaji wa kule.

Kidokezo cha mwisho: kwa kuwa una ripoti tatu za bure kwa mwaka, usiziombe zote siku moja kama huna shida ya haraka. Omba moja kila baada ya miezi minne. Kosa likiingia, utaliona kabla ya msimu wa kununua karanga, si siku ile unahitaji mtaji.