Kupima Mauzo Yanayoletwa na Tangazo Jipya kwa Jaribio la Mikoa Pacha

Mwongozo huu unamhusu anayetaka kurusha tangazo jipya kwenye redio za mikoani na kujua ni katoni ngapi zitauzwa kwa sababu ya tangazo hilo peke yake. Kulinganisha mauzo ya kabla na ya baada hakutoshi, kwa sababu mauzo hupanda na kushuka kwa mavuno, kwa sikukuu na kwa bei hata pasipo tangazo. Jaribio la mikoa pacha hurusha tangazo katika mikoa michache na kuinyima mikoa inayofanana nayo, kisha hutazama tofauti.

Mfano tutakaoufuata ni wa kampuni inayouza sabuni ya unga Tanzania. Takwimu zake zimetungwa kwa ajili ya kufundishia hesabu. Fuata hatua kwa mpangilio huu, na hatua yenye ukaguzi usiivuke kabla ya kuukamilisha.

Maneno manne yatatumika kwa maana moja tu. Mkoa wa tangazo ni mkoa unaorushiwa tangazo. Mkoa wa ulinganisho ni mwenzake usiorushiwa. Ongezeko ni asilimia ya mauzo yaliyozidi yale yaliyotarajiwa pasipo tangazo. Kizingiti ni ukubwa wa ongezeko la uongo ambalo mikoa hiyo inaweza kulitoa yenyewe bila tangazo lolote.

1. Kusanya mauzo ya wiki 104 kwa kila mkoa.

Tumia katoni zilizopelekwa madukani na msambazaji, wiki kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili. Usitumie shilingi, kwa kuwa bei ikipanda shilingi huongezeka bila katoni hata moja kuzidi. Ukaguzi: jumla ya wiki 4 zozote ilingane na ankara za wiki hizo. Isipolingana, sahihisha kwanza.

2. Ondoa mikoa isiyofaa.

Ondoa Dar es Salaam. Hakuna mkoa wenye mauzo yanayofanana na yake, na mzigo unaonunuliwa Kariakoo husafirishwa kwenda kila upande wa nchi, hivyo katoni iliyoandikwa Dar es Salaam huenda ikafuliwa nguo Songea. Ondoa pia mkoa wowote ambao msambazaji wake alibadilishwa ndani ya wiki zile 104.

3. Unda jozi mbili za mikoa isiyopakana.

Katika mfano, jozi ya kwanza ni Mwanza na Arusha, ya pili ni Mbeya na Tanga. Hakuna mmoja kati ya mikoa hiyo minne unaopakana na mwingine, kwa hiyo mawimbi ya redio ya Mwanza yakivuka mpaka yataingia Geita au Simiyu, mikoa isiyo katika jaribio.

Wingi wa watu haulazimiki kulingana. Kinachotakiwa ni mauzo kupanda na kushuka pamoja. Chora mistari miwili ya mauzo ya kila jozi kwenye grafu moja na uitazame wiki zote 104. Palipo na wiki ambazo mmoja umepanda na mwenzake umeshuka, tafuta sababu na uiandike.

4. Chagua wiki 8 za jaribio kwenye kalenda.

Epuka Ramadhani na wiki ya Idi. Mfungo hubadilisha manunuzi ya Tanga kuliko ya Mbeya, na jozi hiyo ingevunjika kwa sababu isiyohusiana na tangazo. Kumbuka kuwa Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usiikwepe kwa kutazama tarehe za mwaka jana. Epuka pia wiki ambazo bei imepangwa kubadilishwa.

Tangazo litarushwa wiki 6 za kwanza. Wiki 2 za mwisho hazina tangazo ila zinahesabiwa, kwa sababu mtu aliyesikia tangazo akiwa bado na sabuni nyumbani hununua baadaye.

5. Rusha sarafu kwa kila jozi.

Amua kabla ya kurusha kwamba upande wa kichwa ni wa mkoa uliotangulia kwa alfabeti. Fanya hivyo mbele ya meneja wa mauzo, kisha muandike na kutia saini. Hatua hii hupuuzwa kuliko zote. Meneja akiachiwa kuchagua, tangazo atalipeleka mkoa ambao tayari anaona unachangamka, na uchangamfu huo utahesabiwa kuwa kazi ya tangazo. Katika mfano, sarafu iliangukia Mwanza na Mbeya.

6. Pima kizingiti kabla ya kulipia redio.

Hii ndiyo hatua inayobeba jaribio zima. Unajifanya kwamba tangazo lilirushwa katika wiki zilizopita, wakati halikurushwa, kisha unatazama hesabu itatoa ongezeko gani. Ongezeko lolote litakalotokea ni la uongo, na ukubwa wake ndio unaokuonyesha uongo ambao data zako zinaweza kusema.

Fungua lahajedwali. Mstari wa 1 ni vichwa. Safu A ni wiki, B Mwanza, C Arusha, D Mbeya, E Tanga. Wiki 104 zijaze mstari wa 2 hadi wa 105. Kisha andika katika F2, G2, H2 na I2, kwa mfuatano huu:

```
=SUM(C14:C21)*SUM(B2:B13)/SUM(C2:C13)
=SUM(E14:E21)*SUM(D2:D13)/SUM(E2:E13)
=(SUM(B14:B21)+SUM(D14:D21))/(F2+G2)-1
=ABS(H2)
```

Fomula ya kwanza huchukua wiki 12 za msingi na kuuliza Mwanza huuza mara ngapi ya Arusha, kisha hutumia uwiano huo kukadiria mauzo ya Mwanza katika wiki 8 zinazofuata. Ya pili hufanya hivyo kwa Mbeya na Tanga. Ya tatu hutoa ongezeko, na ya nne huondoa alama ya kutoa.

Nakili fomula hizo hadi mstari wa 86. Utapata maongezeko 85 ya uongo. Katika seli tupu andika:

```
=PERCENTILE(I2:I86,0.9)
```

Jibu ndilo kizingiti. Tuseme ni asilimia 5.2, yaani mara 9 kati ya 10 mikoa hii ilidanganya kwa kiasi kisichozidi hapo.

7. Linganisha kizingiti na ongezeko linalorudisha gharama.

Muda wa redio kwa mikoa miwili unagharimu shilingi 12,000,000, na faida ya katoni moja ni shilingi 9,000. Gawanya: zinahitajika katoni 1,334 za ziada. Mwanza na Mbeya kwa kawaida huuza katoni 16,000 kwa wiki 8, hivyo ongezeko linalohitajika ni asilimia 8.3.

Kizingiti cha 5.2 kiko chini ya 8.3, kwa hiyo endelea. Kingekuwa juu, ungerudi hatua ya 3 na kutafuta jozi bora au kuongeza jozi ya tatu. Usiendelee kwa matumaini. Utalipia redio na mwisho hutajua kitu.

8. Andika uamuzi kabla ya matokeo.

Toa kizingiti kwenye ongezeko upate kiwango cha chini. Jumlisha upate cha juu. Viwango hivi ni makadirio, lakini vinatosha kwa uamuzi huu. Andika: kiwango cha chini kikifikisha katoni 1,334, tangazo lipelekwe mikoa mingine. Cha juu kisipozifikisha, tangazo lisitishwe. Zikiangukia katikati, jaribio lirudiwe. Andika pia kwamba mkoa ukiishiwa mzigo wiki fulani, wiki hiyo itaondolewa kwake na kwa mwenzake.

9. Rusha tangazo na uhakikishe limesikika panapotakiwa tu.

Tumia redio za mikoa pekee. Redio ya taifa ingeingia Arusha na Tanga na kuua ulinganisho. Mkataba useme marusho 8 kwa siku kwa siku 42, yaani 336 kwa kila kituo. Mlipe msikilizaji katika kila mkoa wa tangazo aandike saa ya kila rusho. Usitegemee orodha ya kituo peke yake.

Wiki ya tatu, waulize wanunuzi 50 madukani Arusha na 50 Tanga kama wamesikia tangazo hilo. Wakisema ndiyo, waambie wakueleze lilivyosema. Wanaoweza kueleza wakizidi 5 katika mkoa mmoja, tangazo limevuja, na ongezeko utakalopata litakuwa dogo kuliko la kweli.

10. Hesabu mzigo wa maduka ya jumla siku ya kwanza na siku ya mwisho ya jaribio.

Fanya hivi katika mikoa yote minne. Mwenye duka la jumla akisikia tangazo hujaza stoo akitarajia wateja. Katoni hizo zimetoka kwa msambazaji lakini hazijafika kwa mfuaji. Katika mfano, Mwanza ilipelekewa katoni 11,900, na stoo zilifunga zikiwa na katoni 700 zaidi ya zilizokuwamo mwanzoni. Mauzo ya kuhesabiwa ni 11,200. Mikoa mingine mitatu haikuonyesha tofauti. Bila kuhesabu stoo, katoni 700 zingepewa tangazo, halafu mwezi uliofuata oda zingeanguka na watu wakashangaa.

11. Kokotoa ongezeko.

Wiki 12 za msingi: Mwanza 14,000, Arusha 12,000, Mbeya 10,000, Tanga 8,000. Wiki 8 za jaribio: Arusha 8,400, Tanga 5,600. Mwanza ilitarajiwa kuuza 9,800 ikauza 11,200. Mbeya ilitarajiwa 7,000 ikauza 7,280. Jumla iliyotarajiwa ni 16,800, iliyouzwa ni 18,480. Ziada ni katoni 1,680, sawa na ongezeko la asilimia 10.

Ukaguzi: jaza wiki 8 hizo mstari wa 106 hadi wa 113, ukiweka masahihisho ya stoo katika wiki ya mwisho, kisha nakili fomula hadi mstari wa 94. Seli H94 isome 0.1.

12. Tamka uamuzi ulioandikwa hatua ya 8.

Ongezeko la 10 limevuka kizingiti cha 5.2, hivyo tangazo liliuza sabuni. Lakini kiwango cha chini ni asilimia 4.8, takriban katoni 806, na cha juu ni 15.2, takriban 2,554. Namba 1,334 iko katikati. Faida inayokadiriwa, shilingi 15,120,000, inapita gharama, na hapo ndipo shinikizo la kutangaza ushindi huanza. Kataa.

Kataa pia kusema kwamba tangazo linafaa kwa Mwanza, iliyopata asilimia 14.3, na halifai kwa Mbeya, iliyopata 4. Kizingiti kilipimwa kwa jozi mbili pamoja. Jozi moja peke yake kwa kawaida huyumba zaidi, na mkoa mmoja hauwezi kuhukumiwa kwa kipimo hicho.

Katika mfano huu, uamuzi ni kurudia jaribio kwa jozi tatu, na bajeti ya nchi nzima isubiri matokeo ya marudio hayo.