"Bantu" au "watu": umri unasema nini, mahali panasema nini?

Je, vijana wa Lubumbashi husema "bantu" zaidi kuliko wazee? Tuchukue hesabu ya kubuni ya watu 200, kila mmoja akihesabiwa mara moja. Vijana 72 wamesema "bantu" na 28 "watu". Wazee ni 34 na 66. Odi ni waliosema "bantu" kugawanywa kwa waliosema "watu". Odi ya vijana ikigawanywa kwa ya wazee, uwiano ni karibu 5.

Lakini vijana 80 walirekodiwa nyumbani, na wazee 80 kanisani, ambako hata kijana huelekea "watu". Mahali pamevuruga ulinganisho. Basi tutenge matabaka mawili:

- Nyumbani: vijana 64 na 16, wazee 14 na 6. Uwiano ni 1,71.
- Kanisani: vijana 8 na 12, wazee 20 na 60. Uwiano ni 2.

Mwaka 1959 Mantel na Haenszel walitoa njia ya kuyaunganisha. Katika kila tabaka, a na b ni vijana, c na d ni wazee, n ni jumla:

```
OR = Σ(a·d/n) / Σ(b·c/n)
```

Juu tunapata 3,84 + 4,80 = 8,64; chini 2,24 + 2,40 = 4,64. Jibu ni 1,86. Umri una athari, lakini sehemu kubwa ya ile 5 ilitokana na mahali.

Kabla ya kuunganisha, tulinganishe matabaka kwanza. Kama nyumbani uwiano ungekuwa 4 na kanisani 0,25, jibu moja lingeficha tofauti hiyo. Hapo ni lazima kutoa yote mawili.