Daftari la Stakabadhi za Boma: Andika Namba Kabla Karatasi Haijapotea

Nyumba inaposhika moto usiku, watu huwatoa watoto kwanza, kisha ng'ombe, kisha godoro ikiwezekana. Bahasha ya kaki iliyo chini ya godoro hukumbukwa asubuhi, majivu yakiwa bado moto. Katika machafuko ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, na katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kule Trans Nzoia, familia nyingi ziliondoka na nguo walizovaa tu. Waliporudi, swali katika kila ofisi lilikuwa moja: namba yako ni ipi?

Swali hilo ndilo linaloonyesha daftari la familia linafaa kuandikwa vipi. Stakabadhi nyingi za serikali zinaweza kutolewa tena, kwa sababu kumbukumbu yake iko kwenye rejista ya ofisi fulani. Kinachochelewesha mtu ni kutojua pa kuanzia kutafuta. Mwenye kuandika namba ya usajili ya cheti cha kuzaliwa, tarehe kilipotolewa na wilaya kilikosajiliwa, amemwachia karani kazi ya kufungua ukurasa mmoja. Mwenye jina tu amemwachia kazi ya kupekua miaka.

Tuchukue mfano wa boma moja hapa Kibabii: nyanya, mwanawe wa kiume na mkewe, na watoto wanne. Daftari lao linaweza kuwa kaunta buku ya kawaida, kila mtu akiwa na kurasa zake mbili na shamba likiwa na kurasa zake peke yake. Kwa kila karatasi wanaandika jina lake, namba iliyo juu yake, ofisi iliyoitoa, tarehe, jina kama lilivyoandikwa, mahali ya asili ilipo na mahali nakala ilipo. Hilo la jina halifai kupuuzwa. Kama kitambulisho cha baba kinasema Wekesa na cheti cha mtoto kinasema Wekhesa, ni heri ijulikane leo kuliko siku ya kuomba basari. Kwa cheti cha mtihani wa kitaifa wanaandika namba ya mtahiniwa, mwaka na shule, kwani hizo ndizo Baraza la Mitihani litakazouliza. Kama cheti bado kiko shuleni, daftari liseme hivyo, na mtu atumwe kukichukua.

Kwenye ukurasa wa shamba kuna kazi zaidi. Hatimiliki za upande huu huwa na jina la eneo la usajili kabla ya namba, kwa mfano East Bukusu/South Kanduyi, kisha namba ya kipande. Andikeni yote kama yalivyo, pamoja na ukubwa na majina ya wamiliki wote waliosajiliwa. Hatimiliki ikipotea au kuungua, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu mwenyewe kuomba nyingine kwa Msajili wa Ardhi. Wamiliki wote waliosajiliwa hula kiapo kwamba imepotea, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na Msajili anaweza kutoa nyingine baada ya siku 60 kupita.

Hapo ndipo boma letu linakwama. Shamba bado liko kwa jina la babu, na babu alishazikwa. Marehemu hawezi kula kiapo. Kwanza familia itahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, na kesi ya mirathi mahakamani, ndipo apatikane mtu mwenye mamlaka ya kuomba. Kwa hiyo cheti cha kifo cha babu kina nafasi yake kwenye ukurasa wa shamba, kando ya hatimiliki. Kama hakijawahi kuchukuliwa, ukurasa huo ndio utakaowaonyesha pengo.

Kisha kuna karatasi ambazo hakuna ofisi yoyote inayoweza kuzitoa tena. Kubwa kati ya hizo ni mkataba wa kununua shamba ulioandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi, huku hatimiliki ikiwa bado kwa jina la muuzaji. Wengi katika kaunti hii wanalima mashamba ya namna hiyo. Karatasi hiyo ikiteketea, kinachobaki ni maneno ya mashahidi, na mashahidi huzeeka. Katika daftari andikeni majina yao na namba zao za simu, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, na kama Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ilitoa kibali. Ikiwa sanduku litabeba karatasi moja tu, ibebe hii kabla ya vyeti vya shule.

Tukija kwenye sanduku lenyewe, la bati linafaa dhidi ya panya na mchwa, na lina mshikio, mtu anaweza kukimbia nalo. Moto ni jambo lingine. Bati hupitisha joto, na karatasi iliyo ndani huungua hata kama ndimi za moto hazikuigusa. Lisiwekwe darini wala chini kwenye sakafu ya udongo, bali juu ya matofali mawili karibu na mlango. Ndani, karatasi ziwe kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, na zianikwe kivulini mara moja kila kiangazi cha Januari. Msiipeleke hatimiliki wala cheti cha kuzaliwa kufunikwa kwa plastiki ya moto kule saiba. Plastiki ile haitoki bila kuchana karatasi, na afisa anayetaka kukagua muhuri au maandishi kwa karibu anaweza kuikataa.

Kinga halisi ya moto ni nyumba ya pili. Boma letu lina binti aliyeolewa Kitale. Seti moja ya fotokopi, pande zote mbili za kila karatasi, pamoja na nakala ya daftari, zikae kwake. Nakala muhimu zithibitishwe na wakili zikiwa pamoja na za asili, maana asili ikishapotea hakuna cha kulinganisha. Picha za simu nazo zinasaidia, mradi pembe nne za karatasi zionekane na namba isomeke, na zitumwe kwenye barua pepe, kwa sababu simu nayo huungua. Namba za siri za M-Pesa na benki zisiandikwe humo hata kidogo.

Lakini moto si njia pekee ya kupoteza stakabadhi. Nyingine hutoka mlangoni mchana. Mpwa ameshikwa, anahitaji dhamana mahakamani, hatimiliki inaazimwa. Kesi inaisha, na hakuna anayekumbuka kuifuata. Kwa sababu hiyo kurasa za mwisho za daftari ni za kutoka na kurudi: tarehe, karatasi gani, nani ameichukua, kwa kazi gani, ameahidi kuirudisha lini, na sahihi yake. Nyanya anaweza kuona haya kumwambia mwana wa dadake atie sahihi. Akiwaambia wote, kuanzia na mwanawe mwenyewe, hakuna atakayejiona ametengwa.

Na stakabadhi ikipotea kweli, siku hiyo hiyo mmoja wao aende kituo cha polisi na daftari mkononi, tukio liandikwe kwenye kitabu cha matukio kwa namba kamili, na aombe ile hati ya upotevu ambayo wengi huiita abstrakti. Kisha namba ya tukio iandikwe kwenye daftari, kwenye ukurasa wa karatasi ile iliyopotea.