Kuuza Ankara Ambayo Haijalipwa

Tuseme umeishonea shule sare na kuipa ankara ya Sh. 10,000,000, itakayolipwa baada ya miezi 3. Vitambaa vya oda nyingine unavihitaji leo. Unaiuza ankara hiyo kwa kampuni inayonunua madeni, nayo inakupa asilimia 80 papo hapo, yaani Sh. 8,000,000.

Shule ikilipa, kampuni hukata ada, tuseme asilimia 3 ya ankara (Sh. 300,000), pamoja na riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Angalia hapa usikosee: riba hukokotolewa kwa Sh. 8,000,000 ulizopewa, si kwa ankara nzima. Kwa miezi 3 ni Sh. 360,000. Unamaliziwa Sh. 1,340,000.

Ukiuza ankara, shule huarifiwa na huilipa kampuni moja kwa moja. Ukiikopea tu, deni unalikusanya mwenyewe, na mara nyingi shule haina habari.

Na shule ikifilisika? Mkataba ukiiruhusu kampuni kukudai, utarudisha fedha ulizopewa. Usipoiruhusu, hasara ni yake, ila ada huwa kubwa zaidi. Lakini shule ikigoma kulipa kwa sababu sare zina kasoro, kwa kawaida mzigo huo hubaki kwako.